Wakuu, naandikaje wasifu wakati kazi yangu kubwa kuliko zote ni siri ya mteja?

MamaVitabu
Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, kazi yangu ni kuchunguza upotevu wa fedha. Nimeombwa wasifu mfupi wa kuweka kwenye tangazo la mafunzo nitakayoyatoa. Kazi ninayojivunia ni ya saccos moja, na nilisaini mkataba wa kutunza siri. Jina sijalitaja popote. Nimeandika hivi (mkoa na kiasi nimebadilisha hapa):

"Mwaka 2022 niliongoza uchunguzi katika saccos ya walimu mkoani Fulani, nikabaini mikopo hewa ya shilingi milioni 412, na meneja akaachishwa kazi."

Je, inatosha kutolitaja jina?

Kalamu_ya_Pwani
Mkataba wako una muda gani? Wangu mmoja ulikuwa wa miaka 2. Ukishaisha, uko huru, andika tu.

MzeeWaLeja
Kalamu, hapo umepatia nusu. Mkataba unaweza kuisha, lakini kwa mhasibu aliyesajiliwa, maadili ya taaluma yanamtaka atunze siri ya mteja hata baada ya kazi kumalizika. Dada asitegemee tarehe ya mkataba peke yake.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe, MamaVitabu. Jina umelificha lakini mtu umemtaja. Saccos za walimu katika mkoa mmoja ni chache, na iliyobadilisha meneja mwaka ule huenda ni moja tu. Mwalimu yeyote wa pale akisoma atasema, "Huyu ni fulani." Na kama hajahukumiwa, umemtangaza mwizi kwenye tangazo la mafunzo. Hapo anaweza kukushtaki yeye mwenyewe, hata mteja akinyamaza.

Kiasi nacho kina mlango wake. Hasara ikisomwa kwenye mkutano mkuu, wanachama wote wanaijua tarakimu ile. Kuiweka kwa asilimia hakusaidii sana: ukiandika "asilimia 9 ya mikopo yote", mwenye taarifa ya mwaka ya saccos anazidisha na kuipata.

DesignByJuma
Mimi ni mbunifu wa nembo. Wateja wangu nawaweka wote na nembo zao kubwa kabisa, na ndiyo inaniletea kazi. Mnajitesa bure.

MzeeWaLeja
Juma, nembo imetengenezwa ili ionekane. Huyu dada aliitwa kuona kisichotakiwa kuonekana.

MamaVitabu
Mzee, umenitisha, la meneja sikuliwaza kabisa. Lakini nikiondoa mwaka, mkoa, kiasi na matokeo, kinabaki nini?

MzeeWaLeja
Inabaki kazi ya mikono yako. Yaliyompata mteja ni yake, namna ulivyoyagundua ni yako. Ulianzia wapi?

MamaVitabu
Kwenye fomu za mkopo. Namba moja ya simu ilijirudia kwa wakopaji ambao hawakujuana kabisa. Nikachukua orodha ya makato ya mishahara, nikaona baadhi ya "wakopaji" hawakatwi chochote.

MzeeWaLeja
Umeona? Hiyo ndiyo itamwambia msomaji kwamba unaijua kazi. Mbinu yenyewe inatumika popote, haimwelekezi kwa mtu. Jaribu hivi:

"Huchunguza mikopo hewa kwa wakopeshaji. Hulinganisha fomu za mkopo na makato ya mishahara, hutafuta namba za simu na akaunti zinazojirudia, kisha huandika ripoti ambayo bodi inaweza kuifanyia kazi."

Ukimaliza, mpe mtu anayeijua sekta ya saccos, asiyeijua kazi yako, umwambie abahatishe mteja. Akitaja majina matatu na la kweli likiwemo, punguza tena.

Neema_Sheria
Naongeza moja. "Kwa wakopeshaji" ni wingi. Kama umefanya kwa mmoja tu, andika "kwa mkopeshaji". Kuficha ni sawa, kujiongezea wateja si sawa. Njia nyingine ni kumpelekea mteja sentensi yenyewe, neno kwa neno, aikubali kwa maandishi. Usimuulize "naweza kukutaja?", kwa sababu hapo atakataa tu.

MamaVitabu
Nimefanya kwa wawili, kwa hiyo wingi unabaki. Sentensi nitaituma kwa wote wawili kesho. Ila nina swali: kwenye zabuni wanataka jina la mteja na thamani ya mkataba. Huko nafanyaje?

Neema_Sheria
Mimi huandika "jina litatolewa kwa idhini ya mteja".

MzeeWaLeja
Mimi nimewahi kuandika hivyo hivyo, wakanikata alama zote za uzoefu. Siku hizi naomba barua ya idhini siku ile ile ninayokabidhi ripoti, mteja akiwa bado ameridhika. Wengine hutoa, wengine hawatoi. Kwa wasiotoa sijapata dawa.