Mrejesho: nywele za dawa zilizokuwa zinakatika

Niliuliza: “Nywele zangu za dawa zinakatika pale zinapokutana na zile mpya. Nikate zote au nivumilie?”

Nimekata. Dada wa saluni hapa Wandegeya, Kampala, alizilowesha kwanza: zilizoota upya zikajikunja, za dawa zikalala kama nyuzi. Mpaka ukaonekana wazi, mkasi ukapita hapohapo. Dawa ikishavunja viungo vya ndani vya unywele havirudi, kwa hiyo hakuna mafuta yangeuponya.

Kazi imekuwa ukavu. Mafuta ya shea ya kule Lira ni mazuri, ila hayaongezi maji. Yanazuia tu yaliyopo yasipotee haraka. Hivyo nalowesha, napaka kondishina, nafumua kwa vidole, kisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani kurudi kwenye shina. Mafuta kidogo hufuata nywele zikiwa bado na unyevu. Usiku nafunga kitambaa cha satini, maana foronya ya pamba hunyonya unyevu.

Mikunjo haifanani: kisogoni inajizungusha vizuri, utosini ni kipilipili kabisa. Mama naye ananiuliza kama nimerudi sekondari, maana wanafunzi wengi huku hunyolewa.