Wiki tano zimebaki za tarajali kwenye kampuni ya asali Tabora, niulizeje nafasi bila kuonekana nang'ang'ania?

Chipukizi wa Cheyo:
Habari za humu wakuu. Nina diploma ya uhasibu na nipo kwenye mafunzo tarajali kwenye kampuni binafsi inayonunua asali kutoka Sikonge, Kaliua na Urambo, kisha inaichuja na kuifungasha hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kuingiza stakabadhi za manunuzi kwenye Excel na kusaidia stoo wakati wa kupokea mzigo. Msimamizi wangu ni mhasibu. Mkurugenzi anakuja mara mojamoja.

Barua yangu inaisha mwisho wa mwezi ujao. Sijui kama kuna nafasi, na hakuna aliyenigusia. Naomba mnisaidie mawili: nifanye nini kwenye hizi wiki zilizobaki ili waone nina faida, na nimuulize nani, lini, kwa maneno gani? Sitaki mhasibu aanze kunikwepa.

Jembe la Ipuli:
Dogo, jitume tu. Fika wa kwanza, ondoka wa mwisho, usikatae kazi hata ya kuosha ndoo. Halafu wiki ya mwisho mwambie una ofa sehemu nyingine. Mwenyewe atashtuka, atakupa mkataba.

Mzee wa Leja:
Jembe, hapo kwenye kutokataa kazi nipo na wewe, hasa mzigo unaposhuka. Ila mtarajali anayeshika kila kitu huondoka bila kitu hata kimoja chenye alama yake. Na ofa ya uongo ni hatari kwa sababu jibu lake rahisi ni "hongera, nenda." Ukishaambiwa hivyo hutaweza kurudi tena na swali la kweli.

Chipukizi, chagua kazi moja tu, iwe inakaa kati ya stakabadhi na stoo, kwa sababu wewe ndiye unayeona pande zote mbili. Mhasibu anaona kilo zilizolipiwa, mtu wa stoo anaona ndoo, na wafungashaji wanaona chupa. Kwenye biashara ya asali ni rahisi hizi tatu zisikutane. Linganisha shehena moja iliyokwisha kufungashwa yote, uone tofauti iko wapi.

Nikupe mfano wa kukokotoa. Tuseme zilipokelewa ndoo 40 za lita 20. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo iliyojaa ina asali ya kilo 28 hivi. Mizani ikasoma kilo 29 kwa kila ndoo, stakabadhi zikaandikwa jumla kilo 1,160. Baada ya kuchuja na kufungasha zikatoka kilo 1,088. Kwenye karatasi zimepotea kilo 72, zaidi ya asilimia 6, na hapo minong'ono ya wizi huanza. Sasa pima ndoo tupu. Ikiwa ndoo na kifuniko chake ni kilo 1, kilo 40 kati ya zile 72 hazikuwahi kuwa asali, zilikuwa plastiki. Asali halisi iliyoingia ni kilo 1,120, na iliyopungua ni 32, chini kidogo ya asilimia 3. Hiyo inaweza kuelezeka kwa nta, povu, na kile kinachoganda kwenye ndoo na kwenye chujio.

Kwa bei ya mfano ya shilingi 6,000 kwa kilo, kampuni imelipa 240,000 kwa uzito wa ndoo, shehena moja tu. Mhasibu atakuelewa kwa namba hiyo haraka kuliko kwa neno lolote la kujisifu.

Kuna mtego, uangalie. Usipime ndoo moja ukazidisha kwa 40. Pima kama kumi, safi na kavu, pamoja na vifuniko, maana ndoo zilizowahi kubeba rangi na ndoo mpya hazina uzito mmoja. Halafu hakikisha anayepima mlangoni haondoi tayari uzito wa ndoo kichwani mwake kabla ya kuandika. Ukiutoa mara ya pili utaonyesha upotevu mdogo kuliko ulivyo, na siku ikigundulika kazi yako yote inatupwa. Njia ya kujua ni rahisi: siku mzigo unaposhuka, chukua ndoo moja, soma mizani, kisha tazama kilichoandikwa kwenye stakabadhi.

Binti wa Kasulu:
Samahani naingilia. Mimi nipo tarajali halmashauri, huku Kigoma, idara ya fedha. Hii ya kulinganisha hesabu nikiifanya mweka hazina anaweza kunichukua moja kwa moja?

Mzee wa Leja:
Dada, kwako ni tofauti kabisa. Ajira nyingi za kudumu za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba mwenyewe kupitia portal.ajira.go.tz na unaingia kwenye usaili kama wengine. Mkuu wa idara hata akikupenda hana kalamu ya kukuajiri, kwa hiyo ukimuuliza "mtanichukua?" unamweka pabaya. Unachoweza kuchukua kwake ni barua inayotaja kazi ulizofanya kwa majina yake, na ruhusa ya kumwandika kama mdhamini. Matangazo yale hutaka wadhamini watatu, na hayapokei hati ya matokeo ya muda badala ya cheti, kwa hiyo fuatilia vyeti vyako mapema.

Jembe la Ipuli:
Lakini halmashauri nyingine zinachukua watu wa mkataba wa muda kwa mapato ya ndani, hasa kwenye ukusanyaji.

Mzee wa Leja:
Zipo, ila si kila mwaka wala si kila idara. Aulize "kuna nafasi za mkataba kwenye bajeti ya mwaka huu?" Hilo mtu wa fedha anaweza kulijibu bila kutoa ahadi. Ajue pia mwaka wao wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo akiuliza Mei anapata jibu tofauti na Agosti.

Chipukizi wa Cheyo:
Asante sana Mzee. Nina wasiwasi mmoja. Mtu wa stoo ndiye anayepima, na amenifundisha mengi. Nikipeleka karatasi inayosema tumelipia plastiki, si nitakuwa nimemchongea?

Mama Mizani:
Utakuwa umemchongea ukimpelekea mhasibu kwanza. Anza na yeye, tena siku isiyo na mzigo. Mwambie, "Kaka, hebu tupime hizi ndoo tupu pamoja, nataka kuelewa pengo la ile shehena." Pimeni wawili, namba ziandikwe kwa mwandiko wake. Mara nyingi mtu wa stoo ndiye wa kwanza kufurahi, kwa sababu pengo lile lilikuwa linamwangukia yeye. Kwenye karatasi andika "uzito wa ndoo haukutolewa", usiandike "hasara iliyosababishwa na stoo". Na jina lake liwemo kwenye waliopima.

Karatasi iwe moja. Juu weka kilo zilizolipiwa, uzito wa ndoo, kilo halisi, kilo zilizofungashwa na tofauti. Chini pendekeza kitu kimoja: stakabadhi iongezwe nafasi mbili, uzito wa jumla na uzito wa ndoo. Usiongeze mapendekezo mengine saba. Ukifanya hivyo unageuka kutoka mtu aliyesaidia ukawa mkaguzi ambaye hakuna aliyemwita.

Kuhusu muda, malizeni kupima wiki hii na ijayo. Wiki inayofuata mpe mhasibu karatasi, mwache aisome. Swali la kazi lije siku tatu nne baadaye, wakati bado una wiki mbili ofisini. Ukilitoa palepale na karatasi, karatasi inaonekana rushwa. Ukingoja siku ya mwisho, hata anayetaka kukutetea kwa mkurugenzi hana muda wa kufanya hivyo.

Usiulize siku ya kulipa wafugaji nyuki, wala mbele ya watu. Omba dakika tano, sema hivi:

"Kaka, tarajali yangu inaisha mwisho wa mwezi. Ningependa kujua kama kuna mpango wa kuongeza mtu wa hesabu au wa stoo kuelekea msimu, na utaratibu wa kuomba ukoje. Kama kwa sasa hakuna, naelewa. Ningeomba basi unikubalie nikuandike kama mdhamini wangu."

Ona kwamba hajaulizwa "utanichukua?" Ameulizwa kuhusu mpango na utaratibu, vitu anavyovijua. Na hata akisema hakuna, bado ana kitu cha kukupa, kwa hiyo hatakukwepa korido. Habari za ada ya mdogo wako na kodi ya chumba ziache nyumbani. Zinamfanya ajisikie anadaiwa, na mtu anayedaiwa hubadilisha njia.

Jembe la Ipuli:
Akijibu "tutaona" je? Wabongo kwa "tutaona" tunajuana.

Mama Mizani:
Amuulize palepale, "Nikukumbushe lini?" Akitaja tarehe, amkumbushe tarehe hiyo kwa ujumbe mmoja wa wasap, basi. Asipotaja, achukue kwamba hakuna kwa sasa na aendelee kuomba kwingine. Akiambiwa "andika barua", barua na vyeti vifike ndani ya siku mbili, na barua itaje ile kazi ya ndoo kwa namba. Akiambiwa hakuna nafasi ya kudumu, anaweza kuuliza kama msimu wa kununua ukianza huwa wanachukua mtu wa stakabadhi kwa muda.

Jembe la Ipuli:
Na wiki ya mwisho? Mimi nasema faili la Excel akae nalo mwenyewe. Akiwaachia kila kitu watamhitaji kwa nini?

Mzee wa Leja:
Hapana. Faili ni la kampuni, na likikosekana jina lako ndilo la kwanza kutajwa. Aache faili kwenye kompyuta ya ofisi, na ukurasa mmoja unaoeleza liko folda gani, nani anajaza nini, na ndoo za aina gani zina uzito gani. Ukurasa huo ndio utakaofunguliwa mzigo ukianza kushuka na yeye hayupo.

Chipukizi wa Cheyo:
Nimeelewa. Kesho naanza na kaka wa stoo. Kimoja bado: anayeajiri ni mkurugenzi, si mhasibu. Wiki ijayo atakuwepo siku mbili. Nisimuulize yeye moja kwa moja?

Mama Mizani:
Ukimruka mhasibu umempoteza mdhamini. Pitia kwake.

Mzee wa Leja:
Mimi hapo sikubaliani sana na Mama. Kampuni ndogo, mkurugenzi akikuuliza mwenyewe "unaendeleaje?" mjibu, na mwambie ungependa kubaki. Ila mhasibu asilisikie kwa mtu mwingine. Mwambie siku hiyohiyo kabla hujatoka.

Mama Mizani:
Akiulizwa, sawa. Asimfuate kwenye gari.