Karafuu kwenye kipeperushi: picha halisi au mchoro wa vekta?

Muulizaji, Chake Chake
Nimepewa kazi ya kipeperushi cha A4 mikunjo mitatu, pamoja na skrini nne za maelezo ndani ya aplikesheni, kuhusu kuchuma, kuchambua na kuanika karafuu. Mteja anataka picha halisi kila mahali. Mimi naona vekta ya rangi bapa ndiyo safi na nyepesi. Nani ana hoja?

Mchoraji, Wete
Anza na msomaji: akishatazama, atafanya nini? Akitakiwa kutambua kitu kwa ngozi na rangi yake, mpe picha. Akitakiwa kufuata hatua, mpe mchoro.

Kuchuma ni kutambua. Karafuu inachumwa ikishajaa na kichwa kimeanza kuwa chekundu, kabla ua halijafunguka. Tofauti ya shada lililo tayari na lililo bichi ni ndogo, na rangi bapa itailazimisha iwe kijani hapa, nyekundu pale, kumbe shambani kuna hali nyingi katikati. Hapo weka picha ya mashada matatu kando kwa kando: bichi, tayari, lililopita. Iliyokauka nayo vivyo hivyo. Nzuri ni ya kahawia, imejaa, na ukiikunja inakatika. Iliyorundikwa mbichi ikavunda hutoka imepauka na kukunjamana. Mikunjo hiyo vekta bapa haiwezi kuionesha. Itakuchorea msumari tu.

Kuchambua makonyo, kutandaza na kugeuza ni vitendo. Picha ya mikono imejaa vivuli, nguo na majani, na jicho halijui litazame wapi. Mchoro unabakisha vidole, shada na mwelekeo wa mkono.

Mwenye nyumba ya wageni, Nungwi
Mimi nasema picha, hakuna mjadala. Kipeperushi changu kilikuwa na michoro ya vyumba na wageni wakawa wanauliza kama nyumba imeshajengwa. Nilipoweka picha, maswali yakaisha.

Mchoraji, Wete
Ndugu yangu, kwako ni sawa kabisa, ila mgeni ananunua chumba kilekile anachokiona, na picha ndiyo ushahidi wake. Mkulima wa Pemba hanunui ile karafuu iliyopigwa picha. Anataka kulinganisha na ya kwake.

Kijana wa aplikesheni, Mjini
Kwenye simu vekta haina mpinzani. Faili dogo, haipasuki kwenye skrini yoyote. Hata hizo picha za mashada zipitishwe kwenye amri ya kugeuza picha kuwa vekta, yaishe.

Mtengeneza programu, Fuoni
Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili itamharibia kazi. Picha ya shada ukiigeuza hivyo inatoka na maelfu ya vipande vidogo, faili linaweza kuwa zito kuliko picha yenyewe, na simu inalazimika kuvichora vyote kila kimoja. Kwenye Android, mwongozo wenyewe unashauri vekta isizidi 200 kwa 200 dp, kwa kuwa kubwa kuliko hapo inachelewa kuchorwa. Utaona skrini ya maelezo inakwama kidogo unapoitelezesha, hasa kwenye simu ya bei nafuu. Kwa picha ya mashada tumia WebP yenye upana wa pikseli 1,080, na uibane mpaka pale ambapo mikunjo ya karafuu bado inaonekana.

Jambo jingine: simu itafunguliwa juani, karibu na sakafu ya kuanikia. Karafuu kavu ni nyeusinyeusi, na ikipigwa picha juu ya jamvi lililochakaa haionekani kitu. Iweke juu ya kitambaa cheupe. Maneno yasikae juu ya picha, yakae chini yake.

Bibi wa shamba, Konde
Wanangu, mnazungumza kama mchoro wowote unafahamika. Mimi nimeletewa karatasi ya namna hiyo. Jamvi limechorwa mstatili wenye mapambo, nikaona msala. Mjukuu wangu naye kaona msala. Na mtu aliyechorwa hana uso, miguu mirefu kama ngazi, hakuna mwanamke wa kwetu anayeanika karafuu na nguo ile. Picha haina hayo.

Mchoraji, Wete
Shikamoo bibi. Hapo umegusa ugonjwa wa michoro hii: mingi inachukuliwa kwenye hazina za mtandaoni, na jamvi la ukili halimo humo. Jamvi lichorwe kwa pembe, si kutoka juu, ncha moja imekunjika ili ufumaji uonekane, na karafuu zimemwagika hadi ukingoni na mtu kashika ya kugeuzia. Kisha apewe mtu asiyehusika na kazi, aulizwe "hiki nini?" bila kuambiwa lolote. Akisema msala, chora upya.

Ila picha nayo inadanganya, bibi. Ukipiga shada chini ya mkarafuu, majani yanamwaga kijani na karafuu iliyo tayari inaonekana bichi. Ukipiga jioni, jua linapiga wekundu na bichi inaonekana tayari. Mashada yote matatu yapigwe pamoja, kwenye kivuli cha wazi, na karatasi nyeupe pembeni ya fremu. Karatasi hiyo ndiyo utakayoitumia kusawazisha rangi kwenye kompyuta, halafu uikate.

Mchapaji, Mlandege
Niongeze ya mashineni. Kurasa za mikunjo mitatu zina upana wa milimita 100, 100 na 97. Ile inayoingia ndani ndiyo 97. Picha ya upana wa milimita 90 inataka pikseli kama 1,063 kwa dpi 300. Kwa hiyo hata iliyopita WhatsApp pikseli zinaweza kutosha, lakini imebanwa, na kinachopotea kwanza ni ile mikunjo midogo mnayoitaka. Itumwe kama dokumenti.

Vekta nayo ina mitego. Eneo kubwa la rangi moja kwenye mashine ya tona linatoa michirizi, na likipita kwenye mkunjo tona inapasuka na kuacha mstari mweupe. Acheni mkunjo bila rangi, au tupige mfuo kabla ya kukunja. Kubwa zaidi: kipeperushi hiki kitatolewa kopi nyeusi kule shehiani. Picha ya karafuu itakuwa doa jeusi. Na mchoro wa kijani na nyekundu zenye uzito sawa utatoka kijivu kimoja. Kabla ya kuleta faili, igeuzeni kijivu muone. Mashada yawekewe namba 1, 2, 3 ili maneno yafanye kazi hata rangi ikipotea.

Muulizaji, Chake Chake
Basi ndani naweka picha mbili, mashada na karafuu kavu, na michoro mitatu ya hatua. Wasiwasi wangu ni mchanganyiko. Hautaonekana kama kazi ya watu wawili?

Mchoraji, Wete
Utaonekana hivyo ukiacha mandhari ya picha. Kata mandhari, zikae juu ya weupe, na rangi za mchoro zichukuliwe kutoka kwenye picha yenyewe: kahawia ya karafuu, kijani ya jani.

Kijana wa aplikesheni, Mjini
Kwenye skrini nne mimi bado napinga. Skrini moja ya picha katikati ya tatu za mchoro, mtu atadhani ni tangazo na ataipita.

Mtengeneza programu, Fuoni
Hilo linawezekana, na sitalibishia bila kuona watu wakiitumia. Tengenezeni namna mbili, wapeni wachumaji, mtazame kama skrini ya mashada inarukwa.

Bibi wa shamba, Konde
Na jalada mnaweka nini? Mimi nataka mkarafuu wa kweli.

Mchapaji, Mlandege
Wa kweli kwa jalada, bibi, inawezekana, ila picha ije kutoka kwenye kamera au simu moja kwa moja. Na kabla ya kuchapa zote tutatoa nakala moja kwenye karatasi ileile. Kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 kahawia inazama, kwa hiyo itabidi vivuli vipandishwe kwanza.