Msaada: nembo na fremu kwenye picha nyingi kwa mkupuo, zitoke zinafanana

DukaLaVitenge
Habari zenu wakuu. Nauza vitenge na madera Kariakoo, na wateja wengi wananipata Instagram. Kila mzigo mpya ukiingia napiga picha kama sitini hivi kwa simu, na nyingine mafundi wananitumia kwa WhatsApp nguo zikishashonwa. Nataka zote ziwe na nembo yangu kona ya chini kulia, na fremu nyeupe kuzunguka picha.

Programu ya kuweka kwa mkupuo ninayo, XnConvert, kwenye Windows. Nembo ni ileile na mpangilio ni uleule, lakini zikitoka, picha moja nembo haisomeki, nyingine imekula robo ya kitambaa. Fremu nayo hivyohivyo, huku nyembamba kama uzi, huku nene. Nakosea wapi?

Mtoto_wa_Kinondoni
Dada, hiyo ni DPI. Ziweke zote 300 DPI zitalingana zenyewe. Halafu nembo usiiweke juu ya nguo, iweke chini kwenye fremu. Haizibi kitambaa na inapendeza.

Mzee_Tanga
Fremu unataka za mbao au za alumini mwanangu? Huku kuna fundi anakata vizuri sana, na kioo anaweka mwenyewe. Sema vipimo.

DukaLaVitenge
Shikamoo mzee. Si za ukutani, ni ule mpaka mweupe wa picha za mtandaoni tu 😅

Fundi_Lenzi
Kijana wa Kinondoni, DPI ni maelekezo kwa mashine ya kuchapa. Kwenye simu ya mteja haibadilishi kitu, kinachohesabika ni pikseli.

Dada, tazama nembo yako ina upana gani. Tuseme pikseli 400. Picha ya simu yako pengine ina upana wa 4000, kwa hiyo nembo inachukua sehemu moja ya kumi. Picha ya WhatsApp imeshabanwa, mara nyingi inakuja na 1600, na nembo ileile sasa imeshika robo. Ikiwa ya kusimama, upana wake ni 1200, nembo inakula theluthi. Programu imekutii, ila picha zako zinaingia na saizi tofauti. Fremu ya pikseli 40 ina kasoro hiyohiyo.

Dawa yake ni kusawazisha picha kwanza, ndipo uweke vingine. XnConvert inafanya kazi kutoka juu kwenda chini kama ulivyopanga kwenye Actions, kwa hiyo panga hivi. Ya kwanza Resize, iwe ya Fit, 1000 kwa 1270, ili picha iingie humo bila kuvutwa. Ya pili Watermark: nembo ya PNG uliyoipunguza mpaka upana wa 200, kona ya chini kulia, na uisogeze ndani pikseli 30 ili isigande ukingoni. Ya mwisho Canvas resize, 1080 kwa 1350, rangi nyeupe, picha ikae katikati. Hiyo ndiyo fremu yako.

Usibadilishe nafasi ya hizo mbili za mwisho. Picha ya kulala ikishapunguzwa inakuwa 1000 kwa 750, kwa hiyo juu na chini inabaki nafasi nyeupe ya pikseli 300 kila upande. Ukitanguliza Canvas resize, nembo itakwenda kukaa kwenye weupe huo, mbali na kitambaa. Na kwenye Output chagua folda nyingine, usije ukaandika juu ya picha zako za asili.

Mtoto_wa_Kinondoni
Ya DPI nimekubali mkuu. Lakini nembo kwenye fremu mimi bado naiona nzuri.

Fundi_Lenzi
Kwa urembo sawa. Ila mwizi wa picha anakata fremu kwa kidole, nembo inakwenda nayo.

Studio_Pwani
Mimi niko Mombasa, napiga harusi. Shida yangu ni shela: nembo nyeupe juu ya shela jeupe haionekani kabisa, nyeusi nayo inapotea kwenye suti. Niliishia kutengeneza nembo nyeupe yenye kivuli chembamba cheusi kuzunguka herufi, ndani ya PNG yenyewe. Sasa inasomeka kote. Kwa vitenge itakufaa dada, maana kitenge kimoja kina rangi zote. Na iwe PNG yenye mandhari wazi. JPG itakuletea kiboksi cheupe nyuma ya maandishi.

Kwa wanaotumia Linux kama mimi, ImageMagick inafanya mpangilio uleule wa Fundi_Lenzi:

```
mkdir -p tayari
for f in *.jpg; do
  magick "$f" -auto-orient -resize 1000x1270 \
    \( nembo.png -resize 200x \) \
    -gravity southeast -geometry +30+30 -composite \
    -gravity center -background white -extent 1080x1350 \
    -quality 88 "tayari/$f"
done
```

Hiyo `-auto-orient` msiiache. Simu nyingi zinahifadhi picha ikiwa imelala, kisha zinaandika pembeni kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Usipoigeuza kabisa kabla ya kuweka nembo, utaikuta imelala ubavu kwenye kona nyingine.

DukaLaVitenge
Nimejaribu, nembo sasa zote zinalingana, asanteni mno! Fremu ndiyo bado inanitatiza. Picha za kusimama, weupe wa kushoto na kulia ni mpana kuliko wa juu na chini. Na kuna picha mbili za fundi zimetoka na ukungu.

Fundi_Lenzi
Simu yako inapiga kwa uwiano wa 3:4, na turubai niliyokupa ni 4:5. Picha ikifika urefu wa 1270, upana wake unaishia kama 953, kwa hiyo pembeni zinabaki kama 63 badala ya 40. Ama uzikate picha ziwe 4:5 kabla ya yote, ukubali kupoteza kidogo juu au chini, ama utumie turubai ya 1080 kwa 1440 na Resize ya 1000 kwa 1360. Hapo pembeni unapata 40, juu na chini kama 53. Jicho la mteja halitaona tofauti hiyo. Siku hizi Instagram inapokea 3:4.

Zile zenye ukungu bila shaka ziliingia zikiwa ndogo kuliko 1000, zikavutwa. Angalia saizi zake za asili. Mwambie fundi azitume upya kama dokumenti, WhatsApp haitazibana.

Studio_Pwani
Mimi ningeacha turubai, niweke 40 pande zote basi, kila picha ibaki na umbo lake.

Fundi_Lenzi
Akipandisha picha kumi kwenye posti moja, zote zinafuata umbo la ya kwanza. Za kulala na za kusimama zikichanganyika, fremu zitakatwa. Kwa picha mojamoja, sawa.

DukaLaVitenge
Mimi napandisha nyingi pamoja, nabaki na turubai. Lakini jamani, hata kona ya picha si inakatwa tu kama fremu?

Mtoto_wa_Kinondoni
Si ndiyo! Iweke katikati, kubwa, iwe hafifu.

Studio_Pwani
Katikati mteja hataona maua ya kitenge. Ipandishe kidogo ikae juu ya pindo la nguo, akikata akate na nguo.

DukaLaVitenge
Pindo halikai sehemu moja kila picha, nitawekaje kwa mkupuo?

Fundi_Lenzi
Kwa mkupuo haiwezekani, labda upige zote kwa kipimo kimoja, simu juu ya stendi na nguo ining'inie palepale. Katikati weka Opacity 20 hivi, jaribu kwenye picha tano, uzitazame kwenye simu na si kwenye kompyuta.