MREJESHO: Likizo ya kuandika tasnifu

Niliuliza: "Nimeajiriwa kampuni binafsi Dar, nasoma uzamili jioni. Niombeje wiki sita za kumalizia tasnifu kabla ya tarehe ya kukusanya?"

Wakuu, asanteni sana. Aliyesema niache kuiita likizo ya masomo alinisaidia mno, maana sheria haimlazimishi mwajiri kuitoa. Niliomba likizo yangu ya mwaka, siku 28, na wiki mbili bila malipo. Niliambatanisha barua ya msimamizi yenye tarehe ya kukusanya, pamoja na jedwali la nani atashika kazi ipi.

Siku 28 nimepewa. Kumbukeni ni za mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Zile bila malipo bosi kakataa katakata, ila Ijumaa natoka saa sita mchana. Sura ya nne imeisha. Ya tano naisukuma usiku.