Faida imepanda, fedha taslimu imeshuka: ninunue hisa hizi au niache?

Mchumi_Mdogo:
Wakuu, habari za leo. Kuna kampuni ya kiwandani hapa soko la Dar naitolea macho, jina naliweka kapuni. Hisa ni shilingi 480, faida kwa hisa ni 62, gawio 31. Faida baada ya kodi imetoka bilioni 4.8 hadi 6.2. Kwa macho yangu ni bei ya kutupa. Kinachonikwaza ni taarifa ya mtiririko wa fedha: fedha kutoka kwenye uendeshaji imeshuka kutoka bilioni 5 hadi 1.1. Dalali wangu anasema nisijali. Nisijali kweli?

Babu Hisa:
Kijana, mauzo ni kiasi gani, na wateja wanadaiwa kiasi gani mwisho wa mwaka? Angalia mizania, miaka yote miwili.

Mchumi_Mdogo:
Mauzo bilioni 60, sasa 66. Wadaiwa bilioni 9, sasa 15. Mikopo ya muda mfupi bilioni 4, sasa 10. Ya muda mrefu haijasogea, 9.

KijanaWaPosta:
Mkuu, unajitisha bure. Faida kabla ya riba na kodi ni kama bilioni 10.9, riba bilioni 2. Wanaimudu riba zaidi ya mara tano. Kampuni ya namna hiyo haifi leo wala kesho. Nunua.

Mama Ntilie wa Mtaji:
Na mimi naomba kuuliza hapo hapo. Nina hisa za benki, fedha za uendeshaji mwaka huu ziko hasi kabisa ilhali faida ni nono. Niuze?

Babu Hisa:
Mama, kwa benki usitumie kipimo hiki. Amana za wateja na mikopo inayotolewa vyote vinapita kwenye mstari huo huo, kwa hiyo benki ikikopesha sana unakuwa hasi bila ubaya wowote. Wewe angalia mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuirejesha kwa wakati, na mtaji.

Sasa turudi kiwandani. Hesabu ya Posta ni sahihi, ila riba hailipwi kwa faida ya kwenye karatasi, inalipwa kwa fedha. Mauzo yameongezeka asilimia 10, wadaiwa asilimia 67. Mwaka juzi mteja alikuwa analipa baada ya siku kama 55, sasa ni 83. Maana yake mzigo umetoka, mauzo yameandikwa, faida imeandikwa, hela bado iko kwa mteja.

Halafu fuata hela ilikokwenda. Imeingia 1.1. Mashine wamenunua kwa kiasi gani?

Mchumi_Mdogo:
Bilioni 3.4. Gawio walilolipa ni 3.1.

Babu Hisa:
Basi wametoa 6.5 wakiwa na 1.1. Pengo ni 5.4, na mikopo ya muda mfupi imepanda 6. Gawio hilo unalolisifia limetoka benki.

KijanaWaPosta:
Inawezekana ni mteja mmoja mkubwa tu, labda serikali, kachelewa kulipa mwezi Desemba. Januari inaingia yote.

Babu Hisa:
Inawezekana kabisa, ndiyo maana sijasema ni wizi. Kijana, nenda nyuma ya ripoti kwenye maelezo ya hesabu. Tafuta jedwali la umri wa madeni ya wateja, na kiasi walichotenga kwa madeni yasiyolipika. Kwenye mikopo, soma ni ya sarafu gani na inaiva lini.

Sarafu si jambo dogo. ARM Cement ya Kenya ilijenga kiwanda Tanga kwa mikopo mingi ya dola. Mwaka 2014 ilikuwa na faida. Mwaka 2015 shilingi zikashuka, ikaingia hasara. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, iliweka dola milioni 140, na bado Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi, hisa zikasimamishwa Nairobi.

Mchumi_Mdogo:
Nimeyasoma. Mikopo yote ni ya shilingi, afadhali. Ila kati ya zile 15, bilioni 6.5 zimepita siku 90. Walichotenga kimetoka milioni 400 hadi 500 tu.

Babu Hisa:
Hapo hadithi ya Desemba imekufa. Deni lililopita siku 90 si la Desemba. Wakilazimika kutenga hata bilioni 2 tu, faida kabla ya kodi inapungua kwa karibu kiasi hicho chote, na ongezeko la mwaka huu karibu lote linafutika.

KijanaWaPosta:
Lakini bei ya 480 si ndiyo inaonyesha soko limeshaliona hilo?

Babu Hisa:
Hisa inayouzwa mara mbili kwa wiki haijaona kitu. Na siku ukitaka kutoka, mnunuzi utamtafuta. Mimi ningengoja ripoti ya nusu mwaka nione kama zile 6.5 zimepungua.

Mchumi_Mdogo:
Na bei ikipanda kabla ya hapo?

KijanaWaPosta:
Ndiyo maana mimi nimeagiza chache leo asubuhi.

Mama Ntilie wa Mtaji:
Samahani, hiyo mikopo chechefu kwenye ripoti ya benki iko ukurasa gani?