Ulinganisho: silabi zenye uzito au mnyororo wa Markov kwa majina ya wahusika wa mchezo?

NamLolwe (Kisumu)
Salaam wanajukwaa. Ninaandika kwa Python mchezo mdogo ambamo mchezaji hupeleka vifurushi kwa mashua kutoka kisiwa hadi kisiwa, na sasa kila mkazi anahitaji jina. Sitaki majina ya watu halisi, bali majina ya kubuni yanayosikika kana kwamba ni ya ukanda wetu wa ziwa. Ninasita kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na orodha tatu za silabi, yaani za mwanzo, za kati na za mwisho, kila silabi ikiwa na uzito wake, kisha kuziunganisha kwa bahati nasibu. Ya pili ni mnyororo wa Markov, ambao hujifunza mfuatano wa herufi kutokana na majina yaliyopo. Mwenzangu anayechora ramani anataka jibu kabla ya Ijumaa. Je, nichague ipi?

FundiWaNakuru
Ndugu, swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Wakazi ni wangapi? Kila orodha ina silabi ngapi, na uzito umeugawaje? Na wakazi wawili wakipata jina moja, je, mchezo unaharibika au ni jambo la kawaida tu?

NamLolwe
Wakazi ni 300 kwa kila kisiwa. Silabi za mwanzo ni 20, za kati 25 na za mwisho 15, kwa hiyo majina yanayowezekana ni 7,500, na nilidhani hayo yanatosha kabisa. Silabi ya «Ka» nimeipa uzito wa 10 kwa kuwa ninapenda ilivyo, na nyingine za mwanzo zina uzito wa 1. Majina hayapaswi kufanana, kwa sababu mchezaji husoma jina lililo kwenye kifurushi kisha humtafuta mwenyewe kisiwani. Msimbo wenyewe ni huu:

```python
def jina(rng):
    return "".join(
        rng.choices(list(o), weights=list(o.values()))[0]
        for o in (mwanzo, kati, mwisho)
    )
```

KijanaWaMaseno
Achana na silabi, tumia Markov. Majina ya silabi husikika yote kama ya ndugu wa tumbo moja. Isitoshe, uzito wako una kasoro, kwani uwezekano wote lazima ujumlishwe uwe 1, nawe una 10 na 1 na 1. Gawanya kwanza kwa jumla, la sivyo programu itakukatalia.

FundiWaNakuru
Kijana, unachosema ni kweli kwa `numpy.random.choice`, ambayo hukataa kigezo cha `p` kisichofikia jumla ya 1. `random.choices`, iliyoingia katika Python 3.6, haidai hivyo. Hupokea uzito wowote usio hasi mradi jumla yake ipite sifuri, na hesabu ya kugawanya hujifanyia yenyewe. Msimbo wa NamLolwe ni sahihi.

Tatizo liko kwenye ile 7,500. Uzito unapopendelea silabi moja, orodha hufanya kazi kana kwamba ni fupi kuliko ilivyo, na ufupi huo unaweza kupimwa. Chukua uwezekano wa kila silabi, uzidishe kwa wenyewe, jumlisha matokeo yote, kisha gawanya 1 kwa jumla hiyo. Orodha yako ya mwanzo ina uzito wa jumla ya 29. Jumla ya mraba za uzito ni 100 kwa «Ka» na 19 kwa zilizobaki, yaani 119, nayo ukiigawanya kwa 841 unapata takriban 0.14. Gawanya 1 kwa hiyo utapata 7. Kwa habari ya kurudiarudia, silabi zako 20 zinatenda kama silabi 7 zenye uzito sawa.

Watu 300 wanaunda jozi 44,850. Kama majina yote 7,500 yangekuwa na nafasi sawa, ungetarajia jozi 6 hivi zenye jina moja. Kwa uzito huo wa «Ka» pekee, unatarajia jozi 17. Hilo bado linavumilika. Orodha ya kati imekaaje?

NamLolwe
Shukrani. Katika orodha ya kati kuna jambo ambalo sikulitaja. Moja ya zile 25 ni silabi tupu, `""`, ili baadhi ya majina yawe mafupi. Nimeipa uzito wa 24 na nyingine uzito wa 1 kila moja, kwa sababu nilitaka nusu ya wakazi wawe na majina ya silabi mbili.

FundiWaNakuru
Basi hapo ndipo penye shida yako, na wala haihusiani na Markov. Orodha hiyo ya 25 inatenda kama orodha isiyofika silabi 4. Ukiunganisha na zile 7 za mwanzo na 15 za mwisho, una majina kama 400 tu kwa kipimo hiki, na jozi zinazofanana zinapanda hadi takriban 110.

Usipoiamini hesabu, watazame wakazi wenyewe. Wanaoanza na «Ka» ni 10 katika kila 29, na nusu yao hawana silabi ya kati, kwa hiyo katika 300 utapata kama watu 52 wa aina hiyo. Majina yao yanatofautiana kwa silabi ya mwisho pekee, nazo ziko 15. Watu 52 wanagawana majina 15! Mchezaji wako atazunguka kisiwa na kifurushi mpaka usiku.

Punguza uzito wa silabi tupu hadi 4 au 5 na ule wa «Ka» hadi 3, kisha weka majina yaliyotolewa ndani ya seti, na jina likijirudia chagua tena. Wekea marudio hayo kikomo. Bila kikomo, siku orodha itakapopunguzwa na wakazi wakaongezwa, kitanzi kitatafuta jina jipya lisilokuwepo na mchezo utaganda bila kutoa ujumbe wowote wa kosa.

AtienoWaDunga
Ningependa kuongeza kuhusu mbegu, kwa kuwa NamLolwe anapitisha `rng` lakini hasemi inatoka wapi. Nilikuwa katika kikundi kilichotengeneza mchezo wa kijiji, na mwenzetu aliyeshughulikia majina aliona si lazima kuyahifadhi, kwani mbegu moja hutoa majina yaleyale. Mbegu aliipata hivi:

```python
rng = random.Random(hash(kijiji))
```

Kwenye kompyuta yake kila kitu kilikwenda sawa kwa sababu alikuwa akijaribu bila kuifunga programu. Tulipowapa watu waujaribu mchezo, malalamiko yakaja kwamba muuza samaki wa jana leo ana jina jingine, na kwamba deni lililoandikwa kwa jina moja halina mwenyewe. Tulishuku faili ya kuhifadhi mchezo, tukashuku simu za wajaribu, tukabishana mno. Kumbe tangu Python 3.3 thamani ya `hash()` ya maandishi hubadilika kila programu inapoanzishwa upya, isipokuwa `PYTHONHASHSEED` iwe imewekwa. Ilitosha kuandika `random.Random(kijiji)`, kwa kuwa darasa hilo hupokea maandishi moja kwa moja na kuyageuza kuwa mbegu kwa njia isiyobadilika.

Tukashangilia, lakini haikuchukua muda. Katika toleo lililofuata tuliongeza silabi moja tu katikati ya orodha, na wakazi wengi wa kijiji wakabadilika majina, kwa sababu nambari ileile ya bahati nasibu sasa iliangukia silabi nyingine. Tangu hapo ninashikilia kwamba jina likishatolewa liandikwe kwenye faili ya mchezo pamoja na mwenyewe, na mbegu ibaki ya kujaribia tu.

KijanaWaMaseno
Kuandika majina 300 kwa kila kisiwa ni kuijaza faili bure. Orodha zikifungwa zisiguswe tena, mbegu inatosha.

AtienoWaDunga
Majina 300 ya herufi sita au saba hayafiki kilobaiti 3, mdogo wangu. Na sijaona mchezo ambao orodha zake hazikuguswa tena.

MwalimuWaBungoma
Naomba kujua kama msimbo huu unanifaa. Natengeneza programu ya hesabu za chama chetu na ninahitaji wanachama wa uongo wa kujaribia, ili nisitumie majina ya watu wetu. Je, nikiunganisha silabi, nina hakika kwamba halitatokea jina la mtu aliyepo?

FundiWaNakuru
Huna hakika hiyo, mwalimu. Silabi hazijui nani yupo. Andaa orodha ya majina yasiyotakiwa na ulinganishe kila jina nayo kabla ya kulikubali. NamLolwe naye aifanye hivyo, kwa sababu akiwa na «Ka» mwanzoni na «ro» mwishoni, atapata mkazi aitwaye Karo, na wachezaji wenye watoto shuleni hawatacheka.

BintiSiaya
Mimi nina pingamizi tofauti. Mnajadili kusikika kwa majina, ilhali kwetu jina lina sababu. Otieno na Atieno walizaliwa usiku, Odhiambo na Adhiambo jioni, Okoth na Akoth wakati wa mvua. Wabukusu nao wana Wafula na Nafula kwa mvua hiyohiyo. Kwa nini mchezo usichague kwanza wakati wa kuzaliwa kwa uzito, kisha jinsia, na jina lifuate? Hapo uzito ungekuwa na maana kuliko kupendelea «Ka» kwa sababu inapendeza.

FundiWaNakuru
Wazo ni zuri, dada, ila nyakati na hali za kuzaliwa ni chache, na wakazi ni 300 wasiopaswa kufanana. Itakubidi uongeze jina la pili, pengine la mzazi.

BintiSiaya
Ndivyo watu wanavyoitwa, Otieno wa fulani. Darasani kwetu walikuwapo Otieno watatu na hakuna barua iliyopotea.

NamLolwe
Hilo la jina la mzazi sikuwa nimelifikiria, na kifurushi kina nafasi ya majina mawili. Nimeshapunguza uzito kama Fundi alivyosema. Lakini swali langu la Markov bado liko palepale: nina majina 60 ya kufundishia, je, yanatosha?

FundiWaNakuru
Kwa herufi mbili za nyuma, majina 60 yatakurudishia mengi yaleyale uliyoyaweka, na wewe umesema hutaki majina halisi. Kwa herufi moja ya nyuma utapata mengine yasiyotamkika. Ningetaka mamia kadhaa kabla ya kujaribu. Silabi zinazoishia kwa irabu huungana bila taabu, kwa hiyo kwa Ijumaa hii ningebaki nazo.

KijanaWaMaseno
Silabi zinazoishia kwa irabu, ndiyo. Ila majina ya ziwa hayaishii kwa irabu tu. Ochieng' utampata wapi, na Okoth? Weka «ng'» na «th» kwenye orodha ya kati halafu utuonyeshe yanayotoka.

NamLolwe
Ninazo kwenye orodha ya mwisho pekee, si ya kati. Nitaendesha usiku huu nikihesabu yanayojirudia katika 300, kisha niweke hapa majina ishirini ya kwanza mnisaidie kuyatamka.

MwalimuWaBungoma
Na ile orodha ya majina yasiyotakiwa, inakuwa faili peke yake au inaandikwa ndani ya msimbo?